Kilomita za Kurudi: Tunasoma Tangazo la Kazi ya Pikipiki Litein

Jioni ya leo nataka tusome tangazo la kazi pamoja, mstari kwa mstari. Ni tangazo la aina ambayo vijana wa Litein, Kapkatet, Roret na Cheborge hunitumia kwa simu wakiuliza, "Mzee, hii kazi niingie ama niachane nayo?" Jina la mwenye tangazo nimeliondoa, na tarakimu nimezipanga ziwe rahisi kuzifuata hewani. Linasema hivi:

"Wanahitajika waendeshaji pikipiki wa kupeleka mizigo, Litein na viunga vyake. Malipo ni shilingi 100 kwa kila mzigo. Unaweza kupata 1,000 kwa siku na zaidi. Uwe na pikipiki yako au uchukue yetu kwa malipo ya kila siku. Mafuta ni juu ya mwendeshaji. Leta kitambulisho, leseni na cheti cha maadili mema kabla ya Ijumaa."

Ukilisikia mara ya kwanza linavutia. Shilingi 1,000 kwa siku ni pesa ambayo kijana anayengojea abiria pale steji tangu alfajiri haipati kila siku. Lakini kuna jambo moja tangazo hili halilisemi, na ndilo litakaloamua kama utarudi nyumbani na pesa au na uchovu mtupu: kilomita za kurudi zinalipiwa na nani?

Tuanze na ardhi yenyewe. Mfumo wa kulipwa kwa kila mzigo ulizoeleka Nairobi, ambako mwendeshaji anashusha chakula Kilimani, na kabla hajavua glavu simu inalia, kuna kingine cha kuchukua jengo la pili. Kule kilomita za bure ni chache. Huku kwetu, barabara kuu ya Kericho kwenda Sotik ni ya lami, na mji umejipanga kandokando yake: maduka, hospitali ya misheni, vituo vya mafuta, ofisi za magari yanayoleta vifurushi kutoka Nairobi na Nakuru. Wateja wengi hawakai pale. Wanakaa kwenye matuta ya majani chai, kila boma na shamba lake, njia ya murramu ikipanda na kushuka hadi mtoni na kupanda tena. Unapeleka dawa ya ng'ombe kwa mama mmoja juu ya tuta, na ukishampa hakuna mzigo wa kurudi nao. Unarudi mtupu.

Sasa tupige hesabu, taratibu. Chukua Boxer ya 150, pikipiki ambayo wengi wetu tunaijua. Kwenye lami tambarare inaweza kwenda mbali kwa lita moja, lakini kwa milima yetu, murramu na mzigo nyuma, tuiwekee kilomita 40 kwa lita. Tuseme lita ya petroli ni shilingi 185. Hapo kila kilomita inakula karibu shilingi 4 na senti 60 za mafuta. Bado pikipiki yenyewe inaisha: oili ya kubadilisha, cheni na sproketi zake, tairi, viatu vya breki, pancha. Fundi wako hatakutoza haya kwa kilomita, atakutoza siku kitu kitakapokatika, lakini ukiyagawanya, tenga shilingi 2 kwa kila kilomita. Jumla inakaribia 7. Tushike 7.

Mteja yuko ndani kilomita 8, tuseme upande wa Cheborge. Kwenda na kurudi ni kilomita 16. Mara 7, ni shilingi 112. Umelipwa 100. Umemfanyia kazi mwenye tangazo na umemwongezea shilingi 12 kutoka mfukoni mwako. Mteja aliye mjini, kilomita moja na nusu kutoka dukani, safari yake nzima ni kilomita 3, gharama shilingi 21, na inakubakia 79.

Tuchukue siku nzuri, siku ya mizigo 10, yaani hiyo elfu moja ya kwenye tangazo. Sita ni ya mjini, minne ni ya matutani. Ile sita ni kilomita 18. Ile minne, ukiupeleka mmoja mmoja, ni kilomita 64. Umezunguka kilomita 82. Gharama yake ni shilingi 574. Elfu moja imebaki shilingi 426, na hujala chakula cha mchana wala hujaweka bando la simu ya kazi. Na kama pikipiki ni ile yao ya malipo ya kila siku, na malipo yenyewe ni shilingi 450, siku yako nzuri imeisha na deni la shilingi 24.

Kuna hasara nyingine inayomwangukia mwenye biashara bila yeye kuiona. Kijana akishafanya hesabu hii, hata kama ni kichwani tu, anaanza kuikwepa mizigo ya mbali. Simu inazimika ghafla, tairi inapata pancha, mvua inakuwa kubwa kule juu. Ya mjini inafika kwa dakika kumi. Ya matutani inalala dukani siku mbili. Ukiona biashara ambayo wateja wake wa karibu wanasifu na wa mbali wanalalamika, usikimbilie kuwalaumu vijana. Tazama kwanza jinsi wanavyolipwa.

Biashara hii ya kufikisha mizigo imewahi kuzishinda kampuni kubwa kuliko zetu. Sendy, iliyokuwa ikiunganisha wenye mizigo na wenye vyombo vya usafiri, ilifunga shughuli mwaka 2023 baada ya kukosa mtaji wa kuendelea. Copia, iliyokuwa ikiuza bidhaa kwa watu wanaoishi nje ya miji mikubwa, iliwekwa chini ya msimamizi Mei 2024 kwa sababu hiyo hiyo ya mtaji. Lakini kuna jambo Copia walilifanya ambalo bado lina maana kwetu. Hawakuwa wakimpelekea kila mteja mlangoni. Mteja aliagiza kupitia wakala, mara nyingi mwenye duka la pale kijijini, na mizigo ya eneo lile ikaja pamoja ikashushwa kwa wakala huyo. Walijua safari ya mzigo mmoja kwenda boma moja haijilipi.

Basi tuijaribu njia hiyo hapa kwetu. Mwenye biashara aseme hivi: mizigo ya upande wa Roret inaondoka saa nne asubuhi na saa nane mchana, siyo kila inapoingia. Ile mizigo minne ya matutani sasa inakwenda kwa safari mbili, tuseme kilomita 18 kila moja, maana unapita kwa mmoja ukienda kwa mwingine. Siku yako imeshuka kutoka kilomita 82 hadi 54. Mizigo ni ile ile 10.

Halafu abadilishe malipo. Badala ya 100 kwa mzigo, aweke shilingi 500 kwa siku ya kazi, iwe kuna mizigo au hakuna, na 40 kwa kila mzigo uliofika. Hiyo ni 900. Mafuta yawe juu yake, lita moja kwa kila kilomita 35. Kwa kilomita 54 ni kama lita moja na nusu, shilingi 285 hivi. Ukitoa mafuta uliyochoma kweli na ile akiba ya oili na cheni, unabaki na zaidi kidogo ya 800. Na mwenye biashara je? Ametoa karibu 1,185 kwa mizigo 10, yaani shilingi 118 na nusu kwa mzigo. Nyongeza haifiki shilingi 20 kwa mzigo, na kijana aliyekuwa akienda nyumbani na 426 sasa anakwenda na karibu mara mbili yake. Nyongeza hiyo mteja wa matutani anaweza kuilipa, kwa sababu nauli yake mwenyewe ya kuja Litein na kurudi ni zaidi ya hapo.

Mbona nimesema lita kwa kilomita, badala ya shilingi 200 za mafuta kila asubuhi? Kwa sababu bei ya petroli haikai. Mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, zikaanza kutumika tarehe 15, na kila mji una bei yake kwenye orodha. Tangazo linalosema "mafuta ya shilingi 200" bei ikipanda linamkata mwendeshaji bila mtu kutamka neno. Likisema lita, bei ikipanda au ikishuka ni juu ya mwenye biashara, naye ndiye anayeweza kumpandishia mteja.

Na kwa nini 35 wakati nimesema pikipiki inakwenda 40? Kwa sababu ya mvua. Mnaijua mvua ya Kericho, haitangazi ratiba, ingawa mchana imeuzoea. Ikishanyesha, lori za chai zikapita, murramu inakuwa makorongo mawili na tope katikati. Hapo unapanda kwa gia ya kwanza na ya pili tu, mguu mmoja chini, tairi ya nyuma ikizunguka mahali pamoja. Siku kama hiyo 40 haifiki. Zile kilomita 5 ni nafasi ya kupumulia.

Kilomita zenyewe zihesabiwe vipi? Saa ya kilomita ya pikipiki isomwe asubuhi na jioni, na ipigwe picha. Lakini kabla ya kukubali utaratibu huo, iangalie kama inazunguka. Pikipiki nyingi zinazofanya kazi hapa waya wa saa ulikatika zamani, na mshale umelala pale pale. Ikiwa imekufa, irekebishwe kabla ya siku ya kwanza, au mkubaliane umbali wa kila kituo: Litein hadi Kapkatet ni hivi, hadi Chebilat ni hivi, na uandikwe kwenye mkataba.

Sasa tuje kwenye pikipiki. Tangazo lilisema "uchukue yetu kwa malipo ya kila siku". Nenda polepole hapo. Kuna mpango wa pikipiki kuwa ya mwajiri daima, na kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo hadi iwe yako. Watu huichanganya, na wakati mwingine wanaotangaza hawana haraka ya kuitenganisha.

Ikiwa ni ya mwajiri daima, kukutoza 450 kila siku ni kukukodishia chombo cha kumfanyia yeye kazi. Mimi sikubaliani na mpango huo. Pikipiki ya kazi ya mwajiri iwe juu ya mwajiri, na matengenezo yake pia. Cha kuuliza ni nani analipa pancha, nani analipa kioo kikivunjika, na usiku inalala wapi. Uliza pia kama unaruhusiwa kubeba abiria ukiwa njiani kurudi. Najua ni kishawishi, ndiyo dawa rahisi ya kilomita tupu, lakini kama bima imekatwa kwa ajili ya mizigo, abiria huyo akiumia, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa.

Ikiwa ni ya kulipa hadi iwe yako, piga hesabu hadi mwisho. Shilingi 450 kwa siku sita za wiki, kwa mwaka mmoja na nusu, ni kama shilingi 210,000. Nenda dukani Kericho uulize bei taslimu ya pikipiki ile ile, uone tofauti. Halafu uliza swali la pili, ambalo vijana wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: nikiacha kazi mwezi wa kumi na mbili, pesa nilizolipa zinakwenda wapi? Na la tatu: logbuku imeandikwa jina la nani? Hilo usiliulize kwa mdomo tu. Ingia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, utafute kwa namba ya pikipiki, uone mwenyewe ni nani. Ikiwa pikipiki ina mkopo wa kampuni nyingine, aliyekupa akiacha kulipa, itachukuliwa ukiwa juu yake, hata kama wewe hujakosa kumlipa yeye siku moja.

Sheria inakusaidia kidogo hapa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwa pamoja hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Inasema pia kwamba ajira ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikwe. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri amgharamie mfanyakazi anayeumia kazini. Lakini zote hizi zinamlinda mwajiriwa. Matangazo mengi ya kazi hii hukuita "mshirika huru" au "mjasiriamali". Maana yake ni kwamba ukianguka kwenye tope la Cheborge na mguu ukavunjika, gharama ni zako. Kwa hiyo muulize mwenye tangazo waziwazi, "Mimi ni mwajiriwa wako au la?" Akisema la, basi malipo yawe makubwa ya kutosha wewe kujikatia bima ya ajali na kujilipia SHA.

Tumalizie na karatasi, maana tangazo lilitaka zote kabla ya Ijumaa.

Leseni ndiyo ya kwanza. Kusema "leseni" hakutoshi. Kwenye madaraja ya NTSA, A1 ni ya pikipiki ndogo kabisa, A2 ni ya pikipiki ya kawaida ya mtu binafsi, na A3 ndiyo ya bodaboda, wapeleka mizigo na tuktuk. Kuna vijana wana A2, wameendesha miaka, ni hodari, na hawajui kwamba kwa kazi hii hawajakamilika. Polisi wakisimamisha, au ajali ikitokea, hapo ndipo daraja linasomwa. Itoe kadi yako sasa hivi uangalie.

Bima nayo iko hivyo hivyo. Bima ya matumizi binafsi si bima ya kubeba mizigo kwa malipo, wala bima ya bodaboda ya abiria si ya mizigo. Mwambie wakala wa bima kazi halisi utakayofanya, aiandike.

Cheti cha maadili mema hakipatikani kwa siku tatu. Unaomba kwenye eCitizen, unalipa ada, unachapisha fomu, unakwenda kuchukuliwa alama za vidole, na sisi wa huku tunaweza kwenda Huduma Centre ya Kericho. Kisha unangoja DCI waichakate, na hapo zinaweza kupita wiki. Mwajiri anayekitaka kufikia Ijumaa anawafungia nje vijana wazuri ambao hawajawahi kukihitaji. Akubali risiti ya maombi kwanza, cheti kije baadaye.

Kitambulisho, peleka nakala. Asilia waione, wakurudishie hapo hapo. Mtu akitaka kubaki nayo "hadi uzoee kazi", ondoka. Na akitaka pesa ya usajili, ya mafunzo au ya fomu, ondoka haraka zaidi. Amana ya begi na jaketi inaweza kueleweka, ikiwa kuna risiti yenye siku ya kurudishiwa.

Sasa, kwa wenye maduka ya dawa, ya vipuri na ya vifaa vya shamba mnaonisikiliza na mnaotaka vijana, tangazo lenu linaweza kusomeka hivi:

"Tunaajiri waendeshaji pikipiki wawili wa kupeleka mizigo kutoka Litein. Siku sita kwa wiki, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Malipo shilingi 500 kwa siku, na 40 kwa kila mzigo uliofika, yakilipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa. Mizigo ya Roret, Cheborge na Kapkatet huondoka kwa pamoja saa nne na saa nane. Pikipiki ni yetu, ina bima ya mizigo, na matengenezo ni juu yetu. Hairuhusiwi kubeba abiria. Mafuta tunatoa, lita moja kwa kilomita 35, kwa saa ya pikipiki. Kofia ngumu, jaketi la kuakisi na koti la mvua tunatoa bila amana. Njoo na nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, leseni ya A3, na cheti cha maadili mema au risiti ya kukiomba. Mkataba ni wa maandishi. Wiki ya majaribio inalipwa kama wiki nyingine. Hakuna ada yoyote."

Mwenye pikipiki yake naye asiachwe nje. Kwake ongeza mstari mmoja: juu ya mafuta, shilingi 2 kwa kila kilomita kwa ajili ya oili, cheni na tairi. Na kabla ya bonasi ya chai kuingia, maana hapo watu huagiza mabati, magodoro na redio kwa wakati mmoja, kaeni na vijana wenu mkubaliane mzigo mzito utalipwaje na ni upi usiopanda pikipiki kabisa. Godoro linapanda. Mabati yaende kwa gari.